Mama Kwanini na Tokeni Tatu

Mtaani hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Kwanini, na wala si kwamba alikuwa na mtoto wa jina hilo. Ni mdomo wake. Ukimwambia leo kuna mvua, atakuuliza umejuaje. Ukimwambia fulani ameoa, atakuuliza kwa nini sasa na si mwaka jana. Daktari mmoja alishawahi kumwomba atoke nje apumzishe masikio kidogo, maana sindano moja ilikuwa imeulizwa maswali kumi na mawili kabla haijachomwa.

Lakini hiyo hiyo tabia ndiyo iliyompa riziki. Alikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga, kabati la mbao lenye kioo mlangoni, feni ndani na waya za joto, na aliijua mashine ile kuliko aliyeitengeneza. Watu walimletea mayai, yeye akawarudishia vifaranga baada ya siku ishirini na moja. Alijua kwa nini yai linageuzwa mara kadhaa kwa siku, kwa nini siku ya kumi na nane kugeuza kunakoma, na kwa nini kuanzia hapo mlango haufunguliwi hata akija rais. Joto lisizidi, lisipungue. Ukichezea joto siku za mwisho, umeua.

Jumamosi hiyo mashine ilikuwa siku ya kumi na tisa, na ndani kulikuwa na mayai mia mbili na tisa ya seremala. Huyu seremala msumeno ulikuwa umemkata vidole viwili mwaka uliopita. Randa haikushikika tena. Akakaa miezi anatazama ukuta, halafu akaamua kufuga. Banda alilijenga kwa mkono uliobaki mzima, akatafuta mayai ya kuku wazuri kutoka mbali, akayabeba mapajani njia nzima kama mtoto mchanga. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kabati la Mama Kwanini. Hakukuwa na mengine, na seremala hakuwa na mpango mwingine.

Asubuhi Mama Kwanini alitazama mita ukutani. Yuniti moja na nukta nne. Akapiga hesabu kichwani, akaona zitafika saa saba mchana, zikichelewa sana saa saba na nusu. Hakushtuka. Pesa ilikuwa kwenye simu, kununua ni dakika moja. Akaamua kumalizia kwanza kufua.

Saa nne akaingia mwanamume uani. Kizibao cha kung'aa, kofia ngumu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na ubao wa kuandikia wenye karatasi. Amenyooka kama ametoka kwa dobi. Na dobi mwenyewe ndiye aliyemkuta kwanza, maana nyumba ya mkono wa kulia uani hapo alikaa wifi yake Mama Kwanini, dada wa mumewe, aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Wifi alikuwa hana umeme tangu alfajiri. Mashati ya watu yamelala kwenye beseni, harusi ni kesho, na amekaa mlangoni ameshika tama.

Yule bwana akaeleza kwa upole. Mita zote za eneo hilo zinaisha muda wake. Zisipofanyiwa marekebisho hazitapokea tokeni tena, zile namba za kuingizia umeme, mtu anunue asinunue. Yeye ametumwa na kampuni ya umeme. Kuna ada, inatumwa kwa simu kwenye namba atakayoitaja, halafu tokeni ya marekebisho pamoja na umeme wa ofa vinakuja kwa meseji. Akaandika majina na namba za simu za watu wote uani. Wifi akamtajia na ya Mama Kwanini, bila hata kumeza mate.

Mama Kwanini akaacha beseni lake, akaja na mikono ya povu. Akauliza kwa nini mita iishe muda, ni maziwa? Bwana akacheka, akamjibu vizuri tu: mita huhesabu tarehe kutoka mwanzo fulani uliowekwa zamani, na hesabu hiyo imefika mwisho, lazima ianzishwe upya. Jibu lilimpendeza mama yetu hadi akakaribia kumvutia kiti. Ulikuwa ni ukweli mtupu. Hata redio ilishasema. Ndiyo ubaya wa mwizi mwenye akili, anakupikia uongo kwa unga wa kweli.

Wifi naye alishaanza kutuma. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ikaonyesha jina la anayepokea, na Mama Kwanini aliyekuwa ameinama begani kwake akaliona. Jina la mwanamke, la kwanza na la ukoo.

"Kwa nini linatoka jina la mtu?" akauliza. "Nikinunua umeme mimi, hapo linatoka jina la kampuni."

Bwana akasema huyo ni mhasibu wao. Wifi akamgeukia Mama Kwanini na macho makali, akamwambia siku nyingine ataulizia hata kaburi lake, mashati yanangoja. Akabonyeza. Meseji ya tokeni ikaingia papo hapo. Bwana akasema isiingizwe kwanza, ingojewe muda wa saa mbili mfumo ukae sawa. Akamuuliza Mama Kwanini naye je. Mama Kwanini akasema atafikiria. Bwana akatabasamu, akamwambia afikirie haraka, maana tokeni yake ya kawaida itakataliwa na ndipo atakapomtafuta yeye. Akaenda zake kwa mwendo wa mtu mwenye kazi nyingi.

Saa sita wifi akaingiza namba zake. Mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Akapiga ile namba ya bwana, haipatikani. Hapo ndipo kilio kilipoanza, na sitasimulia yote yaliyosemwa, kuna watoto wanasoma. Alikuwa ametiwa changa la macho, kweupe, mlangoni kwake, huku wifi yake akiuliza maswali sikioni.

Mama Kwanini hakumcheka. Lakini aliingia ndani haraka akafungua menyu ya pesa kwenye simu yake, akachagua kulipia umeme, akaandika namba ya mita yake, akaona jina la kampuni, akaweka namba ya siri. Sasa mita ilisoma nukta tatu. Meseji ikaja. Akaisoma, akairudia tena.

Miaka yote meseji yake huja na tokeni moja, tarakimu ishirini. Hii ilikuwa na tatu. Ishirini, na ishirini nyingine, na ishirini nyingine tena, na chini kabisa yuniti.

Wifi alipoonyeshwa akashika kichwa. Akasema ni wale wale, wameshaingia hadi kwenye simu, afute hiyo meseji upesi asije akafyonzwa hata kilichobaki. Mama Kwanini hakufuta. Ila alijaribu kwa ujanja wake: akaona ile ya tatu ndiyo imekaa karibu na yuniti, basi hiyo ndiyo umeme, hizo mbili za juu ni uchafu. Akaiingiza ya tatu peke yake. Mita ikakataa. Na maneno ya yule bwana yakamrudia, kwamba tokeni yake itakataliwa.

Saa saba kasoro feni ya mashine ikanyamaza.

Nani asiyejua nyumba inavyokuwa umeme ukikatika? Lakini kwake ukimya ule ulikuwa na watu mia mbili na tisa ndani yake. Akavika kabati mablanketi mawili, akaacha wazi matundu ya hewa maana vifaranga wa siku ya kumi na tisa wanapumua. Akachemsha maji kwenye jiko la mkaa, akajaza chupa, akazipanga kuzunguka kabati. Akajaribu kuazima umeme kwa jirani wa nyuma, waya ukawa mfupi. Kwenye kipimajoto cha mlangoni mshale ulianza kushuka, taratibu, bila haraka yoyote.

Akamwachia wifi kazi ya kubadilisha chupa, akatoka mbio kwenda ofisi ya kampuni. Nusu saa kwa miguu. Geti limefungwa, Jumamosi mwisho saa sita. Mlinzi akamwambia arudi Jumatatu. Akasimama pale akiwa na hasira na kila mtu: mwizi, mlinzi, Jumamosi yenyewe. Kununua tena aliogopa. Kama pesa ya kwanza imeliwa, na ya pili je? Akarudi polepole kuliko alivyokwenda, akiwaza atamwambia nini seremala.

Njiani alipita dukani kwa wakala wa pesa za simu, binti mmoja mnene mwenye miwani, mkimya, anayehesabu noti kama anazisomea dua. Mama Kwanini hakuwa na la kutoa wala kuweka. Aliingia kwa sababu palikuwa na kivuli na benchi. Akaanza kusimulia, na katikati ya kusimulia, wallahi, udadisi wake ukaamka kutoka ulikokuwa umezimia. Alikuwa na meseji mbili. Yake, na ile ya wifi ambayo wifi alimrushia awaonyeshe polisi. Moja ilikuwa ya mwizi, hiyo haina mjadala. Je, zinafanana?

Wakala akaiweka simu yake kwenye kaunta. Ya wifi akainakili karatasini, akaanza kuigawa kwa kalamu, tarakimu nne nne, kama zinavyogawanywa siku zote. Fungu la mwisho likawa na mbili. Kumi na nane. Mita haijawahi kuzaliwa inayokubali tokeni ya kumi na nane. Tena wifi aliirusha pamoja na namba iliyoituma, na hiyo ilikuwa namba ya mtu wa kawaida, kama ya shangazi yako. Haikutaja namba ya mita hata moja. Tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita fulani, wakala akasema, ya kwako haiwezi kuingia kwa jirani, sasa hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Kisha wakaja kwenye ya Mama Kwanini. Ilikuwa imeingia kwenye uzi ule ule wa meseji zake za umeme za miezi yote, juu yake ya mwezi uliopita, juu yake ya mwezi wa kabla. Namba ya mita ipo. Mama Kwanini alikuwa ameiandika kwa wino nyuma ya kitambulisho chake tangu zamani, wakalinganisha moja moja, sawa. Tarakimu ishirini, ishirini, ishirini. Wakala akamwambia meseji ni maandishi tu, mtu yeyote anaandika, kwa hiyo asiiamini hata hii. Afungue menyu ya pesa zake mwenyewe, atazame salio, halafu miamala ya karibuni. Akafungua. Muamala ulikuwepo, saa sita na dakika kumi na saba, umekwenda kwa kampuni ya umeme, na namba ya kumbukumbu ni ile ile iliyo kwenye meseji, herufi kwa herufi.

"Basi umenunua kweli," wakala akasema. "Kwa nini ziko tatu, sijui. Hilo waulize wenyewe."

Mama Kwanini alikuwa bado anatafuna maneno hayo simu yake ikaita. Namba ngeni, sauti ile ya upole. Bwana wa kizibao. Akamsalimia kwa heshima, akamuuliza kama mita yake imekataa tokeni. Akasema yeye alishamwambia. Akasema yuko kwenye kompyuta sasa hivi, akitumiwa ada atamfungulia ndani ya dakika tano, tena atampa na punguzo kwa usumbufu.

Dakika tano. Saa ya ukutani dukani ilikuwa inakaribia saa tisa. Msomaji usimcheke. Wewe una mayai ya mtu yanapoa, na aliyetabiri kila kitu kilichokupata yuko sikioni anakuahidi dakika tano. Mkono wake ulishafika kwenye menyu. Alichokifanya baadaye alisema hakukifanya kwa werevu, ni ugonjwa wake tu wa kuuliza.

"Kama uko kwenye kompyuta," akamwambia, "niambie mara ya mwisho nimenunua umeme lini."

Bwana akasema mfumo hauonyeshi hiyo. Mama Kwanini akauliza basi namba ya mita yake inaishia na ngapi. Bwana akasema aitaje yeye, aithibitishe. Kisha upole ukamwisha, akamwambia mama unapoteza muda, ukikaa gizani shauri yako. Mama Kwanini akakata. Na hapo hapo, mtakuja kuona ni mtu wa namna gani huyu, alikuwa amefurahi kama aliyefungua kufuli kwa pini ya nywele.

Wakala akamwambia asipige namba yoyote aliyopewa na mtu leo. Namba ya huduma kwa wateja imeandikwa kwenye kibandiko cha mita na kwenye ubao wa ofisi. Mama Kwanini alikuwa ametoka kuutazama ubao huo nusu saa nzima kwa hasira, kwa hiyo aliikumbuka yote. Simu haikufunga Jumamosi. Muziki ukapigwa, ukapigwa tena, akajibiwa na kijana wa sauti ya usingizi. Kabla hata ya shikamoo, mama akampa namba ya mita na swali lile lile.

Kijana akabofya mahali. "Leo, saa sita na dakika kumi na saba," akasema. "Na tokeni zako ziko tatu, mama. Unaziingiza?"

Alikaa chini kwenye benchi. Kijana akamweleza kama aliyeshaeleza mara mia wiki hiyo. Ni kweli mita zinarekebishwa. Ununuzi wa kwanza baada ya eneo lako kufikiwa unakuja na tokeni mbili za marekebisho, bure, hakuna wa kulipwa, na ya tatu ndiyo umeme. Zinaingizwa kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiruka ukaanza na ya tatu, mita bado ya zamani, haiifahamu, itaikataa. Haijaharibika. Na kampuni haitumi mtu kupokea pesa kwa namba yake, wala hamna mfanyakazi atakayekuomba namba ya siri.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kanga mkononi, akiwapita watu bila salamu, mtaa ukabaki unashangaa. Uani alimkuta wifi amechuchumaa kando ya kabati na birika, macho mekundu, mkono umeungua kwa mvuke. Mshale ulikuwa nyuzi thelathini na moja, badala ya thelathini na saba. Mama Kwanini akasimama mbele ya mita, akaingiza ya kwanza huku wifi akimsomea nne nne. Imekubali. Ya pili. Imekubali. Ile ya tatu iliyokataliwa mchana akaibonyeza kwa kidole kilicholowa jasho, na yuniti zikatokea. Feni ikavuta pumzi ikaanza kuzunguka. Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Wifi alilia upya, safari hii begani kwa wifi yake. Akasema kama angemsikiliza, na akasema amsamehe kwa lile la kaburi. Jioni wakaipeleka namba ya yule bwana kwa kampuni ya simu, ikafungwa, ila pesa ilikuwa imeshatolewa mapema. Wifi alinunua umeme wake mwenyewe kwa menyu, akapata tokeni zake tatu, na mashati ya harusi yalipigwa pasi. Hapo angeweza kuishia mtu mwingine.

Jumatatu mayai yalianza kudonolewa kutoka ndani. Hadi Jumanne walikuwa wametoka vifaranga mia moja themanini na wanne, wakavu, wenye kelele. Yamebaki mayai ishirini na matano. Mwenye mashine wa kawaida huyatupa. Mama Kwanini akaketi na bakuli na kuyavunja moja moja, kutazama kila kifaranga alikufa siku gani. Wanane walikuwa wamekufa zamani, wadogo. Kumi na saba walikuwa wameshakamilika, manyoya, kucha, mdomo. Kila mzunguko hupoteza watano wa namna hiyo, hilo alilizoea. Akawatenga watano pembeni. Wakabaki kumi na wawili kwenye bakuli, na kwa hao alikaa muda mrefu.

Seremala alipokuja kuchukua vifaranga alikuwa amejawa na furaha hadi hajui aanze kushika wapi. Mama Kwanini akamwacha afurahi kwanza. Halafu akamletea lile bakuli, akamsimulia Jumamosi yote. Seremala akauma meno. Akasema yule mwizi na laana yake, ameua viumbe visivyo na kosa.

"Mwizi mimi hakunipata," Mama Kwanini akamwambia. "Meseji yangu ilikuwa ya kweli tangu saa sita na robo, na namba ya kuulizia iko kwenye kibandiko cha mita yangu. Mimi nimepiga saa tisa. Nilishuku tu, nikaona nimekuwa mjanja, wala sikuhakikisha. Hawa kumi na wawili ni wangu, fundi."

Seremala alilitazama bakuli, akawatazama mia moja themanini na wanne wanavyopiga kelele kwenye sanduku alilowatengenezea. Kisha akatoa kalamu yake ya useremala nyuma ya sikio, akaishika kwa vidole alivyobakiwa navyo, akamwomba amtajie hiyo namba ya kampuni polepole. Akaiandika kwenye ubao wa sanduku, kubwa, mahali ambapo taa ya kuwapa vifaranga joto ingeimulika.